Vikombe Vilivyofutwa

Inatangazwa kwa heshima na taadhima, kwa wazazi, walezi, majirani na wote waliokuwa wakiuliza "utaolewa lini" kisha wakahamia kwenye "utakuwa bingwa lini", kwamba nafasi za mafunzo ya ubingwa wa magonjwa ya watoto zimefunguliwa. Mwombaji awe na shahada, awe na leseni, awe amemaliza mwaka wake wa mazoezi ya kazi, na aambatishe wasifu usiozidi kurasa mbili unaoonyesha utafiti wake pamoja na uboreshaji wa huduma. Asiye na utafiti asikate tamaa. Akate usingizi.

Tangazo hilo lilimkuta daktari mmoja kijana wa wodi ya watoto akiwa na shahada, leseni, viatu vilivyoisha upande mmoja, na utafiti wa kujaza kijiko cha chai. Hospitali nzima ilimwita Daktari Vikombe. Jina hilo hakulipenda. Na kwa kuwa kutolipenda kwake ndiko kulikomponza, afadhali lielezwe mapema lilikotoka.

Watoto wanaosubiri upasuaji hawaruhusiwi kula, ili tumbo liwe tupu wakati wa dawa ya usingizi na kilichomo kisipande kikaingia mapafuni. Hiyo ni sheria nzuri. Ila wodini kwao sheria ilikuwa imenenepa: kila mtoto alifungiwa chakula na maji tangu usiku wa manane, hata yule ambaye zamu yake ya kupasuliwa ingefika alasiri. Siku moja daktari alimkuta mtoto wa henia amejificha chooni, analamba bomba la maji. Alipomshika mkono, mtoto alimwambia, "Sinywi, nalamba tu," kama wakili mzoefu.

Daktari hakulala vizuri siku hiyo. Akaanza kuandika kila mtoto amekaa muda gani bila kunywa. Akapata kwamba wengi wanakaa nusu siku na zaidi, ilhali mwongozo unaruhusu maji matupu hadi saa mbili kabla ya dawa ya usingizi. Akaomba ruhusa kwa mganga mkuu, akagombana na kupatana na watu wa chumba cha upasuaji, akakubaliana nao kwamba mgonjwa mmoja akiingia, wapige simu wodini kusema nani anafuata na baada ya muda gani. Yeye na sista mkuu wa wodi wakanunua vikombe vya plastiki vya rangi. Kikombe cha kijani juu ya kabati la mtoto: bado anaruhusiwa maji. Chekundu: basi. Miezi michache baadaye akapima tena, na muda wa kiu ulikuwa umeshuka hadi robo yake.

Kwa lugha ya wakubwa, huo unaitwa ukaguzi wa huduma uliokamilisha mzunguko: unaweka kigezo, unapima, unabadilisha, unapima tena. Kwa lugha ya vijana wa chumba cha upasuaji, uliitwa vikombe. "Daktari Vikombe kaja, jamani, chai iko wapi?" Kila alipopita, sahani ziligonganishwa. Alicheka nao, maana asiyecheka huongezewa. Lakini nyumbani, akivua koti, alilivua na lile jina, na kesho yake alilikuta limemsubiri mlangoni.

Kwa hiyo Jumapili ile alipokaa kwenye chumba cha mapumziko cha madaktari, penye kochi lililotoboka na friji inayonguruma kama mgonjwa wa pumu, na kumwonyesha rafiki yake rasimu ya wasifu, alikuwa tayari kwa aibu. Rafiki huyo walisoma darasa moja, na sasa alikuwa mwaka wa pili wa mafunzo ya ubingwa kwenye hospitali ya chuo. Wote walimwita Profesa, ingawa uprofesa wenyewe ulikuwa bado uko mbali unakuja kwa miguu. Jina lake lilikuwa kwenye makala nyingi za kitaalamu, daima karibu na mwisho wa msururu wa majina, kama mtu anayeingia harusini na kundi la wapiga tarumbeta.

Profesa alisoma. Akasogeza kompyuta karibu. Akasoma tena.

"Vikombe," alisema, "hii ni sivii au ni orodha ya vyombo vya jikoni?"

"Soma vizuri. Hapo pa uboreshaji wa huduma."

"Nimesoma. 'Kupunguza muda wa kiu kwa watoto wanaosubiri upasuaji kwa kutumia vikombe vya rangi.' Ukurasa wa kwanza! Rafiki yangu, wale wazee wanapitia sivii kama mama anayenunua nyanya. Anabonyeza mbili, anahukumu debe zima. Wakibonyeza hapa wanakuta kikombe cha plastiki."

"Lakini ndicho nilichofanya."

"Nani kakwambia uandike ulichofanya? Andika kinachofanana na wanachofanya wao. Una utafiti gani?"

Alikuwa na mmoja, wa mwaka wa mwisho chuoni, walioufanya kwa kundi: lishe ya watoto wa shule. Yeye alishika kipimo cha urefu. Watoto walisimama ukutani, yeye akasoma namba, mwenzake akaandika. Mchana alirudi bwenini na shingo inauma.

"Safi kabisa," alisema Profesa, vidole vimeshaanza kukimbia. "Mtafiti mwenza."

"Nilishika kipimo."

"Na rubani anashika usukani. Sasa hapa: makala inayoandaliwa."

"Nani anaiandaa?"

"Wewe. Umeanza kuiandaa sasa hivi kwa kuifikiria."

Alicheka, na kicheko hicho angekijutia kwa muda mrefu. Tusimwonee Profesa. Alikuwa ametumia Jumapili yake pekee ya mapumziko kuja kumsaidia, na alikuja na vitumbua vyake mwenyewe. Alikuwa hata tayari kumwingiza kwenye makala yake moja iliyokuwa karibu kutumwa.

"Nitakuweka wa saba. Hakuna anayehesabu hadi saba."

"Sijaigusa hiyo kazi hata kwa fimbo."

"Uliniazima chaja ya kompyuta wakati naiandika."

"Profesa, hapana."

"Basi. Nilikuwa najaribu imani yako," alisema, na haikujulikana kama anatania.

Hapo daktari akajiona mwadilifu sana. Amekataa dhambi kubwa. Na aliyekataa dhambi kubwa huwa na ukarimu wa ajabu kwa zile ndogo. Zilikuja zikijipanga. Mtafiti mwenza ikabaki. Makala inayoandaliwa ikabaki. Kikao cha kila wiki alichowafundishia wanafunzi wa uuguzi kikawa "uhadhiri". Kurasa zikawa mbili na mistari kadhaa ikamwagikia ya tatu, na tangazo lilisema mbili tu.

"Kitu kitoke," alisema Profesa.

Wote wawili walijua ni kitu gani.

Daktari alitazama sehemu ile. Mistari mitano. Kwenye mfuko wa mkoba wake mlikuwa na barua ya mganga mkuu inayothibitisha kazi ile, pamoja na jedwali la vipimo vya kwanza na vya pili, alivyokusudia kuvipiga picha na kuviambatisha. Alifikiria wazee wa usaili wakisoma neno "vikombe". Akasikia sahani zikigonganishwa. Akaburuta kidole juu ya mistari mitano, ikawa buluu, akabonyeza, na wasifu ukaingia kwenye kurasa mbili kama mguu kwenye kiatu kipya.

"Sasa hii," alisema Profesa, "ni sivii ya daktari."

Siku ya pili sista mkuu alimsimamisha kwenye korido, mikono yake ikiwa na harufu ya sabuni. Alikuwa mama mpole, mwenye sauti ya kuweza kusimamisha baiskeli, na ndiye aliyesimama naye dhidi ya chumba kizima cha upasuaji siku walipoambiwa kwamba kupiga simu wodini si kazi ya watu wa upasuaji.

"Dokta, ulituma ile barua yako ya maombi?"

"Nimetuma, Sista."

"Na mambo yetu uliyaweka?"

Pale angeweza kusema. Korido ilikuwa tupu, mtoto mmoja tu alikuwa akilia kwa mbali bila bidii.

"Nimeyaweka," alisema.

"Ehee." Sista alitabasamu, tabasamu la mtu ambaye hajawahi kuandikwa popote isipokuwa kwenye ratiba ya zamu. "Watajua kwamba na sisi tuna akili."

Nyumbani alikoishi, kwa mama yake mdogo, mshonaji wa sare za shule, habari zilikuwa zimeshashonwa na kupigwa pasi. Mama mdogo aliwatangazia wateja wote kwamba mwanawe anakwenda kuwa bingwa. Mteja mmoja aliyekuja kupunguziwa suruali aliulizia bei ya kutibiwa kifua kabisa.

"Mama mdogo, hata usaili sijafanya."

"Usaili ni maneno tu, mwanangu. Wewe maneno hayajakupungukia tangu ukiwa na meno mawili."

Usaili ulifanyika kwenye chumba chenye meza ndefu na feni iliyozunguka kwa hiari yake. Walikuwa watatu, lakini mmoja aliandika tu. Mwenyekiti alikuwa mzee aliyevuta miwani hadi ncha ya pua. Kando yake alikaa daktari wa usingizi, mwanamke mwembamba aliyemtazama mwombaji kama anayekadiria uzito wake kwa ajili ya dozi.

"Mtafiti mwenza," alisoma mwenyekiti. "Lishe ya watoto wa shule. Sampuli yenu mliipataje?"

"Tulichukua shule moja."

"Kwa nini hiyo?"

Angeweza kutafuta neno kubwa. Lakini mama yake mdogo alikosea: maneno yalimpungukia siku ile.

"Ilikuwa karibu na bweni letu."

Mwandishi alikohoa. Mwenyekiti hakucheka, na ingekuwa heri angecheka.

"Na kazi yako hasa ilikuwa ipi?"

"Kushika kipimo cha urefu."

"Kushika kipimo." Alirudia bila ukali, kama mtu anayerudisha chenji. "Na hii makala inayoandaliwa. Imefika wapi?"

"Kwenye kichwa cha habari."

"Daktari, kushika kipimo si aibu. Ungeandika 'nilikusanya vipimo', tungekuuliza namna ya kumpima mtoto asiyetulia, na ungetujibu vizuri kuliko hata mimi. Umeandika cheo, nasi tumelazimika kukuuliza maswali ya cheo."

Hakuna tusi ambalo lingemwingia vile. Alijisikia kama mtoto yule wa henia: sinywi, nalamba tu.

Ndipo daktari wa usingizi akaegemeza viwiko mezani.

"Achana na makaratasi. Wodini kwako umewahi kubadilisha kitu chochote? Hata kidogo."

Akaanza polepole. Bomba la chooni. Kiu. Simu kutoka chumba cha upasuaji. Alipofika kwenye kijani na chekundu, mikono yake ilikuwa imeshatoka chini ya meza na inapanga vikombe hewani.

"Ukipigiwa simu kisha ratiba ikabadilika?"

"Kijani kinarudi, kama muda unaruhusu. Mwanzoni tulisahau kurudisha. Ndiyo kasoro tuliyoiona kwenye kupima mara ya pili."

"Mlipima mara ya pili?"

"Ndiyo."

"Kuna aliyetapika wakati wa kulazwa usingizi?"

"Hakuna. Lakini watoto walikuwa wachache. Siwezi kusema hatari haipo. Naweza kusema kwetu haikutokea."

Mwandishi aliacha kuandika. Daktari wa usingizi alimgeukia mwenyekiti kwa uso wa mtu aliyeona gari lake lililoibiwa likipita barabarani. Mwenyekiti alisukuma miwani juu, akafungua wasifu ukurasa wa kwanza, kisha wa pili, kisha akaugeuza nyuma, palipokuwa peupe.

"Iko wapi?"

"Nini, daktari?"

"Hii kazi. Hapa kuna sehemu nzima ya alama: utafiti na uboreshaji wa huduma. Ukaguzi uliopimwa mara mbili tunaupa alama karibu sawa na makala iliyochapishwa. Iko wapi?"

"Niliifuta."

"Kwa nini?"

"Nilidhani haifanani na utafiti."

"Ilifanana na nini?"

"Na vikombe."

Feni ilizunguka raundi moja, ikapumzika. Mwenyekiti alieleza, na alieleza kwa huzuni ya kweli, kwamba alama za sehemu ile zilitolewa kabla ya usaili, kwa kilichoandikwa na kuthibitishwa kwa barua, na mlango wa kupokea viambatisho umeshafungwa. Wakimfungulia yeye, itabidi wawafungulie wote. Leo wanaweza kumpa alama za kujieleza tu, na hizo watampa.

"Zote," aliongeza daktari wa usingizi, kwa hasira ambayo haikumlenga mwombaji, au ilimlenga kidogo.

Barua ya mganga mkuu ilikuwa bado kwenye mfuko wa mkoba, miguuni pake. Aliisikia ikikwaruza alipousogeza mkoba kusimama.

Majibu yalikuja kwenye simu wakati mama mdogo akichomeka uzi kwenye sindano. Alimwomba ayasome kwa sauti, wateja wasikie.

"Wa kwanza kwenye akiba," alisoma.

"Wa kwanza!" Mama mdogo aliruka, sindano ikapotea. "Nilisema mimi! Mwanangu wa kwanza!"

"Kwenye akiba, mama mdogo. Maana yake naingia kama mtu akijiondoa."

"Basi atajiondoa. Watu wanajiondoa. Hata mume wangu alijiondoa."

Hakujiondoa mtu. Waliopata nafasi waliishikilia kama mtoto anavyoshikilia pipi kanisani. Masomo yakaanza, na mama mdogo akaacha kulizungumzia jambo lile mbele ya wateja, ukimya ambao ulimuuma daktari kuliko maneno. Alikuwa amebaki nje kwa tofauti ndogo, na alijua umbo la tofauti hiyo: mistari mitano, rangi ya buluu.

Kazini alimkwepa sista mkuu kwa muda. Alipitia mlango wa nyuma, penye mapipa ya nguo chafu. Lakini wodi ni ndogo na sista hakuajiriwa jana. Alimkuta kwenye sinki la chumba cha vyombo.

"Dokta, siulizi kwa nini hukupata. Mungu anajua. Nauliza tu, walisemaje kuhusu vikombe vyetu?"

"Walivipenda, Sista. Nilivisimulia kwa mdomo." Alivuta pumzi. "Sikuviandika. Nilikudanganya. Niliviandika, kisha nikavifuta."

Maji ya bomba yalikuwa yanatiririka. Sista alilifunga.

"Uliona aibu."

"Niliona aibu."

"Ya vikombe, au ya kuonekana umefanya kazi na mimi?"

"Ya vikombe," alijibu haraka, halafu akasikia jinsi jibu lilivyokuwa la haraka. Sista naye alilisikia. Alichukua kitambaa, akafuta mikono kidole kimoja kimoja, vidole ambavyo vilikuwa vimeweka kikombe juu ya kila kabati la wodi ile.

"Haya," alisema. "Hivyo vya kijani havijaoshwa. Mtoto wa kwanza anaingia baada ya muda si mrefu." Akatoka. Hakuubamiza mlango. Ni afadhali angeubamiza.

Daktari alibaki na sinki. Alikunja mikono ya koti na kufungua bomba. Wakati huo simu ikaita, akaiweka kwenye dirisha na kubonyeza spika kwa kiwiko. Alikuwa Profesa, sauti imejaa matumaini kama mgombea aliyeshindwa mara mbili.

"Vikombe! Usife moyo. Nimekaa nimefikiri. Kosa halikuwa kufuta, kosa lilikuwa jina. Mwakani tunarudi kwa kishindo. Sikiliza hii, kaa chini kwanza: 'Tathmini Shirikishi ya Mzunguko Kamili kuhusu Mkakati wa Viashiria vya Rangi katika Usimamizi wa Unywaji wa Viowevu Kabla ya Upasuaji.' Eeh? Jina lina uzito hata kulibeba! Wewe mtafiti mkuu, mimi nitajibana huko mwisho. Daktari wa watu, unanisikia? Umeona ukubwa wa hii kitu? Uko wapi, unafanya nini?"

"Naosha vikombe."